Kidonge cha Saa Mbili

Asubuhi kisu cha kupasulia sangara kilinikata kiganja, na mchana wa siku hiyohiyo nikamzalisha mwanamke kwa mkono uleule. Mimi si mkunga. Mimi ni mchuuzi wa samaki, nimeolewa Bukima, na nilikuwa kisiwani Rukuba kununua mzigo wa kupeleka mjini Musoma. Lakini kwenye kambi ya wavuvi siku ile wanaume walikuwa wamelala wamechoka, wanawake tulikuwa wachache, na yule binti uchungu ulimshika nyuma ya kibanda cha kukaushia dagaa. Mtoto hasubirigi mtu aende akatafute glavu.

Nilimpokea mtoto. Damu na maji ya uzazi vilinilowesha mpaka kwenye viwiko, na kile kitambaa nilichofunga kwenye kidonda kikateleza, sijui kilianguka wapi. Mtoto alilia, wa kike, tukapiga vigelegele. Nilikuwa bado nacheka yule mama aliponishika kanga akanivuta chini.

"Dada," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, "mimi nilikuwaga natumia dawa. Zile za kila siku. Ziliisha tangu mwezi ule mwingine."

Nilimwelewa papo hapo. Pwani yetu hii ya ziwa hakuna asiyejua dawa za kila siku ni zipi.

"Ziliishaje? Kliniki si wanakupa za kutosha?"

"Niliazimisha."

Jamani! Kambini huazimana chumvi, wavu, hata mtoto wa kutuma. Sikujua kwamba na ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, huazimana. Mtu amekaa ng'ambo, boti haijatoka, vidonge vimemwishia, anakwenda kwa jirani: nipunguzie, nitakurudishia nikitoka mjini. Huyu aliwapunguzia wenzake mpaka akabaki na kopo tupu na mimba ya miezi tisa. Nilitaka kumtukana. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Lakini mtu ametoka kuzaa sasa hivi, utamtukanaje? Nikajitukana mwenyewe kimoyomoyo.

Wanawake walinivamia kwa mapenzi. Mmoja alisema kamua damu chafu itoke. Mwingine akaleta chumvi na ndimu. Nilikamua, nikapaka, nikaruka kama kuku aliyetiwa maji ya moto. Kisha mama mmoja mtu mzima, mpika chai wa kambi, alinivuta pembeni, akafungua kopo lake la dawa, akanitolea kidonge kimoja.

"Meza hiki mwanangu. Ukifika mjini watakupa hichohicho."

Nilikikataa. Nilijiambia siwezi kumpunguzia mgonjwa dawa yake, tumeshaona matokeo. Ukweli mwingine ni kwamba nilikiogopa. Niliona nikikimeza nitakuwa mmoja wao, na aibu ilinishika kuwaza hivyo mbele ya mama aliyekuwa ananipa uhai wake mkononi.

Boti yetu injini ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake vimetandazwa kwenye turubai. Fundi alisema jioni, jioni akasema asubuhi. Tuliondoka siku ya pili jua likiwa limeshapanda, mimi, yule mzazi na kichanga chake. Njia nzima niliuangalia mkono wangu. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani na mume anayejenga nyumba za watu mjini, na niliwaza nani atawalea. Niliona kila wimbi linanirudisha nyuma. Zahanati ya kwanza tuliyofika walimhudumia mzazi, lakini dawa zetu sisi wawili, mimi na mtoto, wakasema ziko hospitali mjini, wakatutafutia gari hapo hapo.

Hospitalini Musoma nilipokelewa na nesi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti lakini maswali yake kama ya polisi. Damu ilifika kwenye kidonda kibichi au kwenye ngozi nzima? Ingekuwa ngozi nzima, alisema, angeniambia niende nyumbani. Yule mama hali yake inajulikana? Ana muda gani hajameza dawa? Ulinawaje?

"Nilikamua, nikaweka ndimu."

"Sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kukamua na ndimu mnakichokoza kidonda bure."

Halafu akaniuliza saa. Nikamwambia jana mchana, karibu muda huuhuu. Akashusha pumzi.

"Mwisho wetu ni saa sabini na mbili. Ukipita hapo, hii dawa siwezi kukupa, haitakusaidia tena. Upo ndani. Lakini kila saa inayopita inakupunguzia, kwa hiyo hatukai hapa kupiga stori."

Alinitoboa kidole kwanza. Sikuelewa kwa nini anipime leo kwa kitu cha jana. Akanieleza kwamba kipimo hicho hakiangalii ya jana, kinaangalia nilikotoka. Nikikutwa nayo tayari, basi hii ya kinga hainihusu, naanza matibabu. Dawa ya kinga ni ya asiyekuwa nayo.

Kile kimstari cha kwenye kipimo. Mtu anayesema dakika kumi na tano ni chache hajawahi kukisubiri. Mume wangu ni mtu mzuri, lakini wakati ule nilimfikiria kila safari aliyowahi kulala nje, kila simu aliyopokelea uani. Kikatoka kimoja tu, si viwili. Sina. Nilimwomba Mungu msamaha, na mume wangu nikamsamehe makosa ambayo hakuyafanya.

Nesi alinipa kikombe cha maji na kidonge kimoja hapohapo, kabla hata damu ya kuangalia figo na homa ya ini haijafika maabara. Majibu hayo yangenikuta njiani, alisema, dawa haisubiri. Ndani ya kile kidonge zimo dawa tatu zimefungwa pamoja. Kimoja kwa siku, saa ileile, siku ishirini na nane bila kuruka. Nikageuza kopo, nikaliona. Lilikuwa ni lilelile la mama mpika chai wa Rukuba.

"Mbona ni dawa ya wagonjwa?" nikauliza.

"Ndiyo hiyohiyo. Wao inawazuia virusi visizaliane. Wewe inavizuia visipate pa kuanzia. Tofauti ni kwamba wewe utamaliza."

Maneno hayo niliyapitisha tu masikioni. Nilikuwa nasikiliza masharti: kondomu na mume mpaka kipimo cha mwisho, nisitoe damu, nirudi wiki mbili niseme dawa inanifanyaje, nipimwe wiki ya sita, nipimwe tena mwezi wa tatu. Kisha akaniuliza kama kuna hatari nyingine ninayokutana nayo mara kwa mara, maana ikiwepo, nikimaliza hizi angeniunganisha na za kumeza kabla, PrEP, nisikae bila kinga.

"Mimi mke wa mtu!" nikafoka.

"Namuuliza kila mtu, mama. Hata wake za watu."

Nyumbani niliweka alamu kwenye simu, saa mbili usiku, wakati wa ugali. Mume wangu nilimweleza yote siku hiyohiyo. Aliushika ule mkono wenye kidonda, akasema kondomu atanunua yeye mwenyewe dukani, asinitume. Kwa mwanamume wa kwetu hilo ni jambo kubwa. Mwingine tuliyemwambia alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye tuliishi naye na tulifanya naye biashara moja. Mimi nikiuza Musoma, yeye alipeleka samaki Bunda, na msichana yule alikuwa na mkono wa baraka. Kambini wengine tukirudi na ndoo nusu, yeye alirudi na ndoo zimejaa sato wa kuchagua. Nilimsifia mbele za watu. Nilisema ana ulimi mtamu.

Siku za mwanzo dawa ilinichafua roho, na ndoto zilikuwa nyingi na za ajabu. Nilimeza nikiwa nimekula, ikapungua. Sikuruka hata siku moja. Ndiyo maana nilipolitikisa kopo siku moja nikasikia jepesi, nilishtuka. Nikavimwaga kitandani nikahesabu. Vidonge vinne havipo.

Weee! Nilimwamsha mume wangu kutoka usingizi wa mchana.

"Umemeza dawa zangu?"

"Nimeze za nini?"

"Za kinga! Unaogopa kondomu itapasuka!"

Akaapa kwa marehemu baba yake. Nikasema baba yake alale salama, lakini vidonge vyangu viko wapi? Hofu ilinipanda mpaka shingoni. Nilihesabu siku zilizobaki, nikaona kopo litaniishia kabla ya siku zangu, na nesi ataniona mwongo, atasema nimeuza au nimeazimisha kama wale wa kambi. Kuanzia hapo kopo nililihamishia kwenye mkoba wangu, nikatembea nalo hata kisimani.

Wiki hiyohiyo tukapata msiba Butiama, shangazi yangu alifariki, na wifi akanisindikiza. Mkoba niliuweka ndani kwenye kitanda cha wageni, nikatoka kusaidia kupika. Nikakumbuka kitambaa changu cha kichwa, nikarudi. Wifi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kopo langu mkononi, na kidonge kiko kinywani.

Sikupiga kelele, maana ni msibani. Nilimshika mkono nikamtoa kupitia mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba.

"Tema!"

Alikuwa ameshameza.

"Wewe una wazimu? Ile ni roho yangu unakula! Kama kichwa kinakuuma si useme?"

Alianza kulia, na kulia kwake hakukuwa kwa mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Kulinitisha. Akasema, "Wifi, si dawa ya kinga? Uliniambia ni kinga. Mimi nameza nikienda Rukuba na nikirudi."

"Rukuba kuna nini cha kukinga?"

Akanitazama. Nikajua. Nikazijua zile ndoo zilizojaa, na ule ulimi mtamu niliousifia. Kambini kuna wenye boti ambao samaki wazuri hawawatoi kwa pesa peke yake. Humpa mwanamke wanayemjua. Wateja wa Bunda wanamsubiri, akirudi mtupu siku mbili nafasi yake sokoni inachukuliwa na mwingine. Niliyafahamu yote hayo, kila mchuuzi anayafahamu, lakini nilikuwa nimeyafahamu kuhusu wanawake wengine.

"Kondomu?"

"Hataki."

"Mara ya mwisho lini?"

"Juzi. Jioni."

Hapo hasira yote ilinitoka ikabaki saa peke yake. Juzi jioni. Nikahesabu kwa vidole mbele yake. Zilikuwa zimebaki saa za kutosha, lakini si za kukaa kusubiri mazishi. Nikamwambia twende hospitali ya hapahapa. Akagoma, akasema pale mapokezi kuna binamu yangu, na ndugu zangu wote wako msibani, watajua kabla hatujatoka getini. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka nilivyokiogopa kidonge cha mpika chai. Nikaita bodaboda, tukapanda wote wawili, mpaka Musoma. Mazishi ya shangazi sikuyaona, na mpaka leo kuna ndugu ambao hawajanisamehe.

Njiani nilimsemea kisogoni. Nilimwambia mjinga, nilimwambia mficha uchi hazai, nilimwambia angesema ningempeleka mwenyewe. Na katikati ya maneno hayo nilikuwa nimemkumbatia kiunoni kwa nguvu asianguke, vumbi lote la barabara likituingia kinywani.

Nesi alitukuta kwenye benchi. Nikaanza mimi: huyu ni juzi jioni, yupo ndani ya saa, mpe. Akaniambia nikae chini, mgonjwa ni nani kati yetu? Akamchukua ndani. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akasema wifi anataka niingie.

Nesi alikuwa anamweleza taratibu. Kidonge kimoja leo, kimoja baada ya safari, si kinga. Aliyekwisha kuguswa, kama ni ndani ya saa zake, anameza mwezi mzima bila kuruka. Anayejua hatari inamrudia kila wiki, kama wanawake wanaopata samaki kwa njia hiyo, au mwenye mume anayeishi na virusi ambavyo havijashuka, huyo anastahili PrEP. Anapimwa kwanza aonekane hana, anameza kila siku, na mwanamke aipe dawa siku saba kabla hajaitegemea. Anarudi baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu, na kila akirudi anapimwa tena. Hatari ikiisha maishani mwake, anaacha kwa kufuata maelekezo. Akasema, "Kama ni wewe, nitakupa za siku ishirini na nane, na siku ya kumaliza nakuvusha moja kwa moja kwenye PrEP, bila pengo. Lakini tunaanza na kidole."

Wifi akanyoosha kidole. Mimi nilikaa nikapanga mambo kichwani. Tutameza pamoja saa mbili. Nitamtania, nitamwita mgonjwa mwenzangu. Yule mwenye boti nitamwendea kambini nimwoshe kwa maneno mpaka ajute kuzaliwa.

Kimstari cha kwanza kikaja. Halafu cha pili kikaja kando yake, taratibu, bila haraka.

Nesi alichukua kipimo cha aina nyingine, akatoboa tena. Kikasema vilevile. Akachukua cha tatu. Nilikitazama kile cha tatu nikakiomba. Nilikiomba kweli, kama mtu.

"Mwanangu," nesi alisema, na alimwita mwanangu kwa mara ya kwanza, "hii si ya juzi. Ya juzi isingeonekana leo. Ulikuwa nayo kabla. Kwa hiyo PEP, hii kinga ya baada ya kuguswa, haikufai, na PrEP haikufai. Lakini dawa ipo, na tunaanza leo."

Wifi aliuliza kama vile vidonge vitano alivyomeza vimemsaidia hata kidogo. Nesi akamwambia hapana, na afadhali amesema. Kumeza vipande vipande namna ile kunawapa virusi nafasi ya kuizoea dawa, kwa hiyo asikifiche chochote, wamfuatilie vizuri. Kisha akafungua kabati, akatoa kopo, akaliweka mezani mbele yake.

Lilikuwa lilelile. Mimi pale ndipo maneno ya nesi yalipofika, yale niliyoyapitisha tu masikioni: tofauti ni kwamba wewe utamaliza. Nililia kuliko mwenye msiba. Wifi ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akaniambia, "Wifi, acha, watu watasikia."

Vidonge vyangu vilivyopungua nesi alinijazia, baada ya kuuliza mara mbili kama niliruka siku. Nikamaliza siku zangu ishirini na nane. Wiki ya sita, sina. Mwezi wa tatu nilikwenda na wifi, yeye akichukua dawa zake. Nesi akaniambia, "Mama, umemaliza. Huna. Mwambie mumeo kondomu basi, akipenda." Tukacheka wote watatu. Akatuambia na yule mzazi wa Rukuba amerudi kwenye dawa, na mtoto anaendelea kunywa dawa yake ya maji. Nje kwenye benchi walikaa wasichana wawili wa kambini, wachuuzi wenzetu, wamekuja kupimwa waanze PrEP. Wifi ndiye aliyewaleta. Aliwaambia hali yake kwa mdomo wake mwenyewe, pale mwaloni boti zinaposhusha samaki, ndoo ziko chini. Mimi mwenye mdomo usio na breki nisingethubutu.

Jioni ile tulikuwa tunakula, simu ikalia. Saa mbili. Nilicheka, nikasema hii kelele imekwisha kazi yake, nikaichukua niifute. Kidole kilikuwa juu ya kioo nilipoinua macho. Wifi alikuwa ameacha kula. Alikuwa ananitazama tu, na kopo lake liko mkononi.

Nikairudisha simu mezani, nikamsogezea maji.

Mpaka leo inalia. Akiwa Bunda nampigia, nasema, "Wifi, kidonge," naye hunijibu, "Nimeshameza, wifi, kula ugali wako."